Barua Isiyoingia Kwenye Kisanduku

"Sitoi hata nukta!"

"Mama, hii sentensi ya 'nyoka anayeuza mazulia' haiendi."

"Inaenda, na tena itangulie. Iweke juu kabisa, kabla ya salamu."

"Barua haina salamu."

"Basi iweke mahali pa salamu."

Binti aliweka simu mezani, juu ya rundo la kitambaa cha kijani, akakunja mikono. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mtulivu kwa sura, lakini ukaidi aliuchukua wote kwa mama yake bila kuacha hata chembe. Mbele yake palikuwa na karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kalamu ya buluu iliishiwa wino kwenye ukurasa wa kwanza na mwandishi hakuwa na subira ya kutafuta nyingine.

Mwandishi mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Tepu hiyo ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima ulimwita Mama Tepu, hata watu wa benki, hata daktari wa meno. Alikuwa na duka la mapazia: unamwita, anakuja kwako na kigoda chake, anapima madirisha, anachagua nawe kitambaa, na baada ya siku chache pazia linaning'inia. Maneno matamu hakuwa nayo. Mteja akichagua rangi mbaya alimwambia ni mbaya. Lakini pazia lake halikuwahi kuwa fupi, na watu humsamehe mengi mtu ambaye pazia lake halijawahi kuwa fupi.

Asubuhi ile ya Jumatatu alifungua simu ili aangalie oda, akakuta ukurasa mweupe. Picha zote za mapazia hazikuwapo. Jumbe hazikuwapo. Palikuwa na maneno machache tu: *Akaunti yako ya biashara imefungwa kwa sababu haikidhi masharti ya kutumia huduma yetu. Una siku thelathini za kukata rufaa. Baada ya hapo, akaunti na vyote vilivyomo vitafutwa.*

Na vilivyomo vilikuwa vingi. Hapo ndipo penye shida yenyewe, maana Mama Tepu alikuwa na utaratibu wake. Akipima dirisha, hakuandika popote. Alipiga picha ya dirisha, akamtumia mteja papo hapo kupitia akaunti ya duka, na chini yake akaandika upana, urefu, na jina la chumba. Mwanzoni alikuwa na madaftari. Mwaka wa pili bomba lilipasuka juu ya kabati, madaftari yakaloa, wino ukawa supu, akaapa kwamba karatasi na yeye basi. Tangu hapo kila dirisha alilolipima lilikuwa ndani ya ile app. Mteja akirudi baada ya miaka minne na kusema, "Nitengenezee kama yale ya zamani, lakini ya kijivu," Mama Tepu alipekua jumbe, akakuta vipimo, akakata kitambaa siku hiyohiyo bila kupanda ngazi. Zaidi ya nyumba mia nne. Namba za simu za wengi hakuwa nazo kabisa, kwa sababu walimwandikia humohumo.

"Siku thelathini," alisema sasa kwa mara ya kumi. "Wananipa siku thelathini kama mpangaji mbaya. Mimi!"

"Ndiyo maana nataka tuandike kwa adabu."

"Adabu ya nini? Mtu amekufungia mlango, wewe unabisha hodi kwa kidole kimoja?"

"Na huyo jirani wa mazulia kakosa nini?"

"Ameniripoti. Nani mwingine? Tangu mwezi uliopita anauza fimbo za pazia. Leo fimbo, kesho pazia lenyewe. Juzi alikuja hapa, akaniuliza, 'Jirani, hivi wateja wa mtandaoni unawapataje?' Nikamwonyesha ukurasa wangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe. Mjinga mimi!"

Kutoka pembeni, nyuma ya cherehani, Fundi alikohoa. Fundi alikuwa mzee mwembamba aliyeshona pindo za mapazia ya duka hilo tangu siku ya kwanza, na kikohozi chake kilikuwa na maana kuliko hotuba za watu wengine.

"Sema, Fundi. Usinikoholee."

"Sisemi kitu, bosi. Nilikuwa nawaza tu. Asubuhi ulivyovuka barabara kwenda kwake, ulimwambia vipi?"

"Nilimwambia ukweli."

"Mbele ya wateja wake?"

"Wateja walikuwa wawili tu."

"Watatu," alisema Fundi, na kuanza tena kukanyaga cherehani. "Mmoja alikuwa ameinama nyuma ya zulia. Alivyosikia sauti yako hakuinuka."

Binti alijizuia kucheka, akashindwa, akageuza uso dirishani. Ng'ambo ya barabara, duka la mazulia lilikuwa wazi kama kawaida. Jua lilikuwa limeingia ndani moja kwa moja kupitia kioo kile kikubwa kisicho na pazia, likawa limelala juu ya mazulia yaliyosimamishwa kama magogo. Yule jirani, mwanamke mnene mpole, aliyasogeza kila adhuhuri kulikwepa jua lisiyachujishe rangi. Alikuwa anayasogeza sasa. Hakutazama upande wao.

"Haya," Binti alisema. "Naandika kama ulivyoandika. Lakini nakuonya."

Alianza kuchapa. Alichapa dakika ishirini, mama yake akiwa amesimama nyuma ya bega lake, akimsahihisha alama za mshangao, maana Binti alikuwa anaziruka. Barua ilianza hivi:

*Nyinyi mliofungia akaunti yangu, kaeni chini msome. Mimi ni mfanyabiashara. Siuzi dawa, siuzi bunduki, siuzi uongo. Nauza mapazia! Nimesoma chuo, nina cheti, najua masharti ni nini, na nimeyasoma yenu yote (siyo kweli, alisema Binti, andika, alisema Mama Tepu) na hakuna mahali yanapokataza mapazia! Kuna nyoka anayeuza mazulia mbele ya duka langu...*

Mistari michache baadaye, herufi zilikoma. Binti alibonyeza, hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena.

"Kimejaa," alisema.

"Nini kimejaa?"

"Kisanduku cha malalamiko. Kinachukua herufi mia tano tu. Tumefika ukurasa wa kwanza, nusu."

"Mia tano! Mtu mwenye uchungu ataandika nini kwa herufi mia tano?"

"Ndiyo hivyo, mama. Inaishia hapa: 'na kama nyinyi mna mama zenu, basi'."

"Basi nini?"

"Basi tu. Inaishia 'basi'."

Fundi alisimamisha cherehani. "Hiyo inatisha zaidi," alisema. "Iache hivyo hivyo."

Mama Tepu alinyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Kabla hajarudisha mkono wake, simu ililia. Uso wake ulichangamka. "Umeona? Ukali unasaidia. Wameshajibu."

Binti akasoma kwa sauti. "'Asante kwa maoni yako. Furaha yako ni muhimu kwetu. Huu ni ujumbe wa moja kwa moja, tafadhali usiujibu. Njia hii si ya rufaa. Kama akaunti yako imefungwa, tafadhali soma sababu kwenye taarifa uliyopokea, kisha ubonyeze Kata Rufaa.'"

"Furaha yangu," alisema Mama Tepu polepole, "ni muhimu kwao."

"Mama. Sababu ni ipi? Umeisoma?"

"Nimesoma. Haikidhi masharti."

"Hapo ni juu tu. Chini hakukuwa na mahali pa kubonyeza?"

"Sikwenda chini. Nilikwenda ng'ambo."

Wakati huo mlango ulisukumwa, akaingia mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikuwa matroni wa bweni la chuo cha uuguzi, mteja aliyeagiza mapazia ya madirisha ishirini na mawili. Kitambaa cha kijani kilichokuwa mezani kilikuwa chake, na kilikuwa hakijaguswa na mkasi, kwa kuwa vipimo vyote vilikuwa nyuma ya ule ukurasa mweupe.

"Ah, mpo!" matroni alisema, akashika kifua. "Jamani, mmenitia presha. Nimefungua ujumbe wenu leo, picha ya duka haipo, jina halipo, nimeandika hauendi. Nikasema basi, wamehama, au wamekufa, mapazia yangu ndiyo kwaheri."

"Tuko hai," alisema Mama Tepu. "Tumefungiwa tu."

"Nimeona mlango wa upande huu umefungwa nusu, nikaogopa hata kuingia. Nikauliza hapo ng'ambo, kwa yule dada wa mazulia. Ndiye aliyeniambia. Akasema, 'Usiwe na wasiwasi, yule mama haendi popote, simu tu inamsumbua, ingia tu, pazia lako utalipata na halitakuwa fupi.' Akanivusha barabara mpaka mlangoni. Mtu mwema kweli."

Cherehani haikulia. Binti alitazama dari. Fundi, ambaye angeweza kukohoa, hakukohoa, na hilo lilimuuma Mama Tepu kuliko kikohozi.

"Alisema hivyo?" aliuliza.

"Hivyohivyo. Kwani mna ugomvi?"

"Hatuna," alijibu Mama Tepu, kwa haraka ya mtu anayefunika sufuria inayochemka. "Vipimo vyako unavyo?"

Matroni alikuwa navyo. Kwenye simu yake jumbe zote zilikuwapo bado, picha ya dirisha moja baada ya jingine, na chini yake maandishi ya Mama Tepu: *chumba cha kwanza, upana sentimita mia moja na hamsini, urefu mia moja na themanini.* Aliyemtumia tu ndiye aliyebaki kivuli cha kijivu kisicho na jina. Binti akanakili yote ishirini na mawili nyuma ya zile karatasi za kalamu nyekundu, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine dukani. Matroni akaenda zake ameridhika, akiacha nyuma mlio wa funguo.

"Bweni limepona," alisema Binti. "Zimebaki nyumba mia nne na kitu. Tuwapigie wote?"

"Kwa namba zipi?"

"Ndiyo nauliza."

Mama Tepu aliketi juu ya kigoda chake cha kupimia. Hakuwa na kawaida ya kuketi mchana. Aliwaza yule bibi wa ghorofa ya tano, ambaye madirisha yake yote yamepinda na ilibidi ayapime pembe zote nne. Aliwaza wale maharusi waliolia wakichagua rangi. Miaka tisa ya kupanda na kushuka ngazi za watu, na karibu yote sasa iko mikononi mwa mtu asiyejulikana alipo, anayejali furaha yake.

"Fungua hiyo sababu," alisema. "Soma."

Binti alirudi kwenye ukurasa mweupe, akaushusha kwa kidole. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na mstari: *Angalia sababu.* Akabonyeza. Akasoma kimya. Halafu akasoma tena, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Nini? Wamesema nini? Ni yeye, sivyo?"

"Mama…" Binti alishika meza. "Mama, wanasema wewe ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Mtoto mdogo! 'Taarifa zilizojazwa zinaonyesha kwamba mmiliki wa akaunti ana umri chini ya miaka kumi na mitatu. Watoto hawaruhusiwi kumiliki akaunti.'"

Fundi aliinamisha kichwa juu ya cherehani. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Mama Tepu, aliyekuwa na miaka arobaini na tisa, mvi nne alizozijua na nyingine asizozijua, alisimama wima.

"Nani kanifanya mtoto? Hata awe jirani, hawezi kusema mimi ni mtoto! Ameniona!"

"Hakuna aliyekuripoti, mama. Imeandikwa hapa: 'Uamuzi huu umefanywa na mfumo kutokana na tarehe ya kuzaliwa iliyojazwa na mmiliki.' Na tarehe wameiweka." Binti aliitaja tarehe: siku, mwezi, mwaka. "Hii ni tarehe gani? Si yako. Yangu siyo. Nani kaweka tarehe ya miaka tisa iliyopita?"

Mama Tepu alishika tepu yake. Aligeuka taratibu, akatazama juu ya mlango. Pale palikuwa na kibao cha duka, kilichochorwa na mchoraji wa mtaani kwa rangi ya dhahabu. Upande wa nje kilisomeka jina la duka. Upande wa ndani, kwa sababu mchoraji alikuwa na rangi iliyobaki, aliandika: *Duka hili lilizaliwa tarehe…*

Binti alifuata macho ya mama yake. Fundi naye akafuata.

"Mama," Binti alisema. "Hapana."

"Waliniuliza," alisema Mama Tepu. "Ijumaa. Nilikuwa na mteja hapa, anachagua kamba za kufungia pazia, hajui anachotaka, simu inaruka juu, 'Jaza tarehe ya kuzaliwa ili uendelee.' Sasa ni akaunti ya nani? Ya duka. Jina ni la duka, picha ni ya duka. Kwa hiyo tarehe ni ya nani?"

"Ya duka," Fundi alisema, akijifuta macho.

"Umeona? Hata Fundi anaelewa. Nilijua siku ya kuzaliwa ikifika watatuwekea maputo kwenye ukurasa."

"Maputo!"

"Huwa wanaweka maputo. Nimeona kwa wengine."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni kati ya mabaki ya vitambaa. Fundi alisema kwamba kufanya kazi miaka tisa kwa bosi mwenye miaka tisa kunastahili nyongeza. Mama Tepu alijaribu kununa, akaweza kwa muda wa pumzi mbili, halafu kicheko kikamtoka puani kama chafya. Ukweli ni kwamba kifuani mwake kitu kilikuwa kimelegea. Adui ana sura mbaya, lakini kosa lako mwenyewe unalijua limelala wapi, na unaweza kuliokota.

"Inuka," alimwambia Binti. "Andika upya."

"Kwa adabu?"

"Kwa ufupi. Na huyo jirani mtoe."

"Nyoka atoke?"

"Nimesema mtoe! Hakuwamo barua nzima, alikuwa amepitapita tu."

Safari hii walibonyeza pale palipoandikwa *Kata Rufaa*, na kisanduku kilikuwa kilekile kidogo. Mama Tepu alisema, Binti akachapa. Alisema kama alivyozoea kutaja vipimo: kitu, upana, urefu, basi.

*Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa na ndiye mwenye duka hili la mapazia. Mlipouliza tarehe ya kuzaliwa niliweka tarehe ambayo duka lilifunguliwa, kwa kuwa akaunti ni ya duka. Hilo ni kosa langu. Kunifungia bila kumuuliza mtu ni kosa lenu. Hakuna mtoto anayetumia akaunti hii. Naambatanisha kitambulisho changu na leseni ya biashara yenye jina langu na la duka. Ndani mna vipimo vya wateja zaidi ya mia nne. Naomba mnifungulie.*

"Hiyo ya 'kosa lenu' ibaki?" aliuliza Binti.

"Ibaki. Ni kweli."

"Imebaki nafasi ndogo."

"Andika asante. Nafasi ikibaki tena, usijaze."

Leseni ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, wakaitoa na vumbi lake. Kitambulisho kilikuwa kwenye pochi. Binti alikipiga picha chini ya taa ya cherehani, wakatuma, Mama Tepu akaanza kukata kitambaa cha bweni. Alikata upana mara mbili ya dirisha, kama anavyofanya siku zote, ili mikunjo ikae vizuri pazia likifungwa. Mkasi ulipopita katika kitambaa, moyo wake nao ulipata njia.

Kesho yake asubuhi wakajibiwa. Safari hii si maputo wala furaha: *Picha ya kitambulisho haisomeki. Hakikisha pembe zote nne zinaonekana na hakuna mwanga unaong'aa juu yake.*

"Taa ya cherehani," alisema Fundi. "Ilikaa juu ya mwaka. Mwaka wa kuzaliwa hauonekani, umeng'aa kama jua."

"Yaani hata kitambulisho kimeficha umri wake," alisema Binti.

"Nyinyi wawili," alisema Mama Tepu, "mtakula kazi leo."

Alitoka nje mwenyewe na kitambulisho, akakilaza juu ya kipande cha kitambaa cheusi kwenye kizingiti, mahali penye kivuli. Binti akapiga kutoka juu, pembe zote nne zikaonekana, mwaka ukasomeka. Mama Tepu alipoinuka, macho yake yalikutana na ya jirani, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwake na zulia begani. Jirani ndiye aliyetazama chini kwanza. Hilo lilikuwa baya zaidi, maana aliyestahili kutazama chini alikuwa Mama Tepu.

"Utamwambia lini?" Binti aliuliza, sauti chini.

"Tuma hiyo picha."

"Nimetuma. Utamwambia lini?"

"Nikipata la kumwambia. Mdomo wangu unajua kukaripia, huko kwingine haujazoea. Nikienda hivihivi nitaanza na samahani, nimalize na kumwambia mazulia yake yamekaa vibaya."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Mama Tepu alishona, alikata, alifungua simu mara mia na kukuta weupe uleule. Jumatano jioni alimtuma Binti duka la vifaa vya ofisi akanunue daftari la kaunta, lile nene la jalada gumu, na mfuko wa plastiki wa kulihifadhi. Binti aliuliza kama karatasi na yeye hawajaachana. Mama Tepu alisema wamesameheana. Lakini daftari lilikaa mezani bila kufunguliwa, kwa sababu hakukuwa na cha kuandika ndani yake. Vipimo vyote vilikuwa kule.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa anapiga pasi pindo la pazia la ishirini na mbili, simu ikalia juu ya meza. Hakuna aliyeikimbilia. Walikuwa wamechoka kuikimbilia. Binti ndiye aliyeinama akaitazama.

"Mama."

"Sema tu. Wanataka nini, cheti cha ubatizo wa cherehani?"

"'Tumepitia rufaa yako. Tumethibitisha kwamba unakidhi masharti ya umri. Akaunti yako imerejeshwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu.'"

Mama Tepu alimpokonya simu. Ukurasa ulimwomba athibitishe tarehe ya kuzaliwa. Aliiandika ya kwake, tarakimu moja moja, kwa kidole kilichonyooka, akiisema kwa sauti kama mtu anayeapa. Akabonyeza. Weupe ukaondoka.

Na yote yakaja. Picha ya duka, mapazia ya maua, ya mistari, yale ya njano aliyomwambia mteja mwenyewe kwamba ni mabaya. Jumbe zilishuka moja baada ya nyingine: bibi wa ghorofa ya tano na pembe zake nne, maharusi, daktari wa meno. Upana, urefu. Upana, urefu. Alishusha, akashusha, mpaka akafika dirisha la kwanza kabisa alilolituma, picha yenye giza, kidole chake mwenyewe kikiwa kimeziba pembe. Lilikuwapo. Akashusha pumzi ndefu hivi kwamba tepu ilitikisika shingoni.

"Vyote vipo," alisema.

"Vyote?" Fundi aliuliza.

"Mpaka kidole."

Binti alimkumbatia, na Mama Tepu, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiwa saa za kazi, aliruhusu. Fundi alizima pasi, akanyoosha mgongo, akasema leo atakunywa chai yake akiwa ameketi kama binadamu. Hata chumba kilionekana kimepanuka.

Mama Tepu aliirudisha simu mezani. Alitazama daftari jipya. Alitazama dirisha. Ng'ambo, jua lilikuwa limeshaanza kuingia, na jirani alikuwa ameinama, akiviringisha zulia jekundu kulitoa kwenye mwanga.

"Binti," alisema, "andika rangi tulizobakiwa nazo za kitambaa kizito, kile kinachozuia jua."

"Kwa nani?"

Lakini mama yake alikuwa ameshachukua kigoda kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine. Kalamu aliishika kwa meno. Alisukuma mlango kwa nyonga, akasubiri pikipiki ipite, akavuka barabara. Aliingia duka la mazulia bila kubisha hodi, akaweka kigoda chini ya kile kioo kikubwa, akapanda.

Jirani aliinuka na zulia lake. "Dada… unafanya nini?"

Mama Tepu aliitoa kalamu mdomoni. "Nilikuja Jumatatu nikakuita jina baya mbele ya watu watatu. Mmoja alikuwa nyuma ya zulia. Hukufanya lolote. Niliyefanya ni mimi, tarehe nilikosea mwenyewe, na wewe ukawaambia wateja wangu nipo. Nisamehe, jirani."

Jirani aliinua macho kwenye kigoda. "Na huko juu?"

"Huku juu napima. Jua linakula mazulia yako miaka yote nami nauza mapazia mbele yako, sikuwahi kuvuka. Shika huo mwisho wa tepu, uvute mpaka kwenye pembe. Usilegeze."

Jirani aliliweka zulia chini. Aliishika tepu, akaivuta, na alipofika pembeni alikuwa ameanza kutabasamu. "Mia tatu na ishirini," alisema.

"Nimeona." Mama Tepu alifungua daftari kwenye goti lake, ukurasa wa kwanza, akaandika upana. Halafu akachomoa simu mfukoni, akalipiga picha lile dirisha, safari hii bila kidole, akamtumia jirani kwa akaunti ya duka. Simu ya jirani ikalia mfukoni mwake.

"Sasa urefu," alisema Mama Tepu. "Na rangi nakuambia mapema: nyekundu hapana."